Ukuaji wa Lojistiki: Kwa Nini Kasi Hufika Kilele Idadi Ikiwa Nusu ya Uwezo wa Mazingira (Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara)

Mlinganyo wenyewe ni upi, na herufi zake zina maana gani?

Mlinganyo ni huu:

dN/dt = rN(1 − N/K)

N ni idadi ya viumbe waliopo kwa wakati fulani: samaki ziwani, nyumbu mbugani, au hamira ndani ya chupa ya maabara. Herufi t ni wakati. Herufi r ni kasi ya kuzaliana ya kila kiumbe pale ambapo nafasi na chakula havijawa tatizo, yaani vizazi ukitoa vifo. K ni uwezo wa mazingira, kwa maana ya idadi ambayo mahali pale panaweza kuilisha bila idadi hiyo kupanda wala kushuka.

Sehemu iliyo ndani ya mabano ndiyo inayotofautisha mlinganyo huu na ukuaji usio na mpaka. N ikiwa ndogo sana, N/K inakaribia sifuri, mabano yanakaribia 1, na idadi inakua karibu kama rN tu. N ikifika K, mabano yanakuwa sifuri na ukuaji unasimama. N ikipita K, mabano yanakuwa hasi na idadi inashuka. Aliyeuandika kwanza ni Pierre-François Verhulst, mwanahisabati wa Ubelgiji, mwaka 1838.

Tukisema "kasi ya ukuaji" tunamaanisha kasi ipi?

Ukilikosa jibu la swali hili, mengine yote yatakuchanganya, kwa sababu kuna kasi mbili na zinakwenda njia tofauti.

Ya kwanza ni kasi ya idadi nzima, dN/dt: wameongezeka wangapi kwa saa au kwa mwaka. Ya pili ni kasi kwa kila kiumbe, ambayo unaipata kwa kugawa ile ya kwanza kwa N:

(1/N) dN/dt = r(1 − N/K)

Hii ya pili haina kilele chochote katikati. Ni mstari ulionyooka unaoshuka kutoka r, pale N inapokaribia sifuri, hadi sifuri, pale N inapofika K. Kila kiumbe kinazaliana vizuri zaidi wenzake wakiwa wachache, na kila anayeongezeka anawapunguzia wengine kidogo.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kasi ya ukuaji ni kubwa zaidi mwanzoni, yuko sahihi kama anazungumzia asilimia. Na akikuambia ni kubwa zaidi kwenye nusu ya K, yuko sahihi kama anazungumzia jumla ya wanaoongezeka. Ukurasa huu unashughulikia jumla. Kilele chake kinatokana na mvutano wa vitu viwili vinavyozidishwa: N, ambayo inapanda, na r(1 − N/K), ambayo inashuka. Mwanzoni wazazi ni wachache mno, na mwishoni wazazi ni wengi lakini kila mmoja anaongeza kidogo sana.

Nitaonyeshaje kwa kutofautisha kwamba kilele kiko K/2?

Iite kasi G, ili macho yaone kwamba sasa tunashughulika na kasi na si idadi. Fungua mabano kwanza:

G(N) = rN − (r/K)N²

Sasa tofautisha G kwa kufuata N. Kipengele cha kwanza kinatoa r. Cha pili kinatoa 2(r/K)N. Kwa hiyo:

dG/dN = r − 2rN/K

Kwenye kilele mteremko wa G ni sifuri, basi:

r − 2rN/K = 0

Hamisha kipengele cha pili upande wa kulia, gawa pande zote kwa r (ambayo si sifuri), na utapata 2N/K = 1, yaani N = K/2.

Hujamaliza. Mteremko wa sifuri unaweza kuwa kilele au bonde, kwa hiyo tofautisha tena:

d²G/dN² = −2r/K

Kwa kuwa r na K zote ni chanya, jibu ni hasi kwa kila N. Grafu ya G inapinda kuelekea chini kila mahali, kwa hiyo nukta tuliyoipata ni kilele, na hakuna kingine. Ukitaka kujua kilele hicho kina urefu gani, rudisha N = K/2 kwenye G:

G(K/2) = r × (K/2) × (1 − 1/2) = rK/4

Kumbuka hiyo rK/4, maana tutaitumia kwa hamira na baadaye kwa samaki. Angalia pia kwamba r haikuonekana kabisa kwenye mahali pa kilele. Viumbe wanaozaliana haraka na wanaozaliana polepole wote wana kilele kwenye nusu ya K. Kinachobadilika ni urefu wa kilele, na muda wa kukifikia.

Kwa nini tunatofautisha kwa N wakati idadi inabadilika kwa t?

Kwa sababu kasi yenyewe imeandikwa kwa N, na swali linauliza kasi inakuwa kubwa idadi ikiwa kiasi gani. Lakini ukitaka kutofautisha kwa t unaweza, mradi usisahau kanuni ya mnyororo. N ni kitu kinachobadilika na wakati, kwa hiyo:

d²N/dt² = (dG/dN) × (dN/dt) = (r − 2rN/K) × rN(1 − N/K)

Au kwa kupanga vizuri:

d²N/dt² = r²N(1 − N/K)(1 − 2N/K)

Wanafunzi wengi huishia kwenye r − 2rN/K na kuandika kwamba hiyo ni d²N/dt². Hiyo si kweli, kwani wameacha kuzidisha kwa dN/dt. Wanapata alama ya jibu la mwisho kwa sababu K/2 inatokea vilevile, lakini mstari wa kati una kosa.

Njia hii ya pili inakupa kitu ambacho ya kwanza haikionyeshi wazi. Idadi ikiwa kati ya 0 na K/2, vipengele vyote vitatu ni chanya, kwa hiyo mkunjo wa idadi unapinda kuelekea juu. Ikiwa kati ya K/2 na K, kipengele cha mwisho kinakuwa hasi na mkunjo unapinda kuelekea chini. Ndiyo maana grafu ya N kwa wakati ina umbo la herufi S, na mahali inapobadili upande wa kupinda ni palepale kasi ilipo kubwa zaidi.

Nimeweka dN/dt = 0 nikapata N = K. Mbona jibu langu si nusu?

Umetafuta kilele cha idadi badala ya kilele cha kasi. Mlinganyo dN/dt = 0 unauliza idadi inasimama wapi, na jibu lake ni 0 na K. Ni swali halali, ila si lililoulizwa. Kilele cha kasi kinataka derivativu ya kasi iwe sifuri, yaani hatua moja zaidi ya kutofautisha. Ukiipa kasi jina lake, G, kabla ya kuanza, kosa hili halikupati kirahisi.

Je, naweza kuonyesha bila kalkulasi?

Ndiyo, kwa kukamilisha mraba. G inaweza kuandikwa hivi:

G = rK/4 − (r/K)(N − K/2)²

Fungua mraba uhakikishe mwenyewe kwamba inarudi kuwa rN − (r/K)N². Kipengele cha pili ni mraba unaotolewa, na mraba hauwezi kuwa hasi. Kwa hiyo G haiwezi kuzidi rK/4, na inaifikia tu pale N ikiwa K/2 kamili. Mimi huipenda sura hii kuliko ile ya derivativu, kwa sababu inaonyesha pia kasi inapungua kwa kiasi gani ukitoka katikati, na inapungua sawa pande zote mbili. Idadi ikiwa robo ya K au robo tatu ya K, kasi ni ileile: robo tatu ya kilele.

Kuna data halisi inayoonyesha jambo hili?

Ipo, na ni ya kiumbe kilichomo katika jikoni nyingi: hamira. Mwaka 1913 Tor Carlson alichapisha vipimo vya hamira iliyokuwa ikikua kwenye kimiminika cha maabara, akipima kila saa. Kipimo cha mwanzo kilikuwa 9.6 kwa vizio alivyotumia, na baada ya saa 18 kilikuwa 661.8. Hapa chini ni sehemu ya katikati, ambako mambo yanatokea. Safu ya tatu ni hesabu ya kutoa tu: kipimo cha saa hiyo ukitoa cha saa iliyotangulia.

| Saa tangu kuanza | Kiasi cha hamira | Nyongeza ndani ya saa |
|---|---|---|
| 4 | 71.1 | 23.9 |
| 5 | 119.1 | 48.0 |
| 6 | 174.6 | 55.5 |
| 7 | 257.3 | 82.7 |
| 8 | 350.7 | 93.4 |
| 9 | 441.0 | 90.3 |
| 10 | 513.3 | 72.3 |
| 11 | 559.7 | 46.4 |
| 12 | 594.8 | 35.1 |

Safu ya tatu inapanda, inafika 93.4, kisha inashuka. Nyongeza mbili kubwa zaidi ziko upande huu na upande ule wa kipimo cha saa ya 8, ambapo hamira ilikuwa 350.7. Je, hiyo ni nusu ya K?

Kwanza tuikadirie K. Katika saa ya mwisho ya jaribio nyongeza ilikuwa 2.2 tu, kwa hiyo hamira ilikuwa imekaribia kusimama kidogo juu ya 661.8. Tuchukue 665. Nusu yake ni 332.5, na namba hiyo iko kati ya vipimo vya saa ya 7 na saa ya 8, mle ndani ya saa ile iliyotoa nyongeza kubwa kuliko zote.

Sasa tujaribu pia urefu wa kilele. Tunahitaji r. Ukitatua mlinganyo wa lojistiki, utaona kwamba logi asilia ya N/(K − N) inapanda kwa mstari ulionyooka, na mteremko wa mstari huo ni r. Mwanzoni N/(K − N) ni 9.6 ÷ 655.4, na logi yake ni −4.22. Saa ya 8 ni 350.7 ÷ 314.3, na logi yake ni 0.11. Tofauti ni 4.33 kwa saa 8, kwa hiyo r ni takriban 0.54 kwa saa. Basi:

rK/4 = 0.54 × 665 ÷ 4 = takriban 89.8 kwa saa

Carlson alipima 93.4 na 90.3. Kwa namba mbili tu tulizozikadiria kwa kalamu na karatasi, ukaribu huo unaridhisha sana.

Linganisha pia na ile kasi ya pili, ya kila kiumbe. Katika saa ya kwanza hamira ilitoka 9.6 hadi 18.3, ongezeko la asilimia 91. Katika saa ya kilele ilitoka 257.3 hadi 350.7, ongezeko la asilimia 36. Asilimia imeshuka zaidi ya nusu, huku nyongeza yenyewe ikiwa imepanda kutoka 8.7 hadi 93.4. Kasi zote mbili zimetoka kwenye jedwali moja.

Nikiwa na data yangu, nitaitafutaje nusu bila kujidanganya?

Fanya kama tulivyofanya: toa kipimo kimoja kwenye kinachofuata. Lakini nyongeza uliyoipata si ya mwanzo wa kipindi wala ya mwisho wake. Ni ya katikati. Nyongeza ya 93.4 inahusu kipindi chote cha kutoka 257.3 hadi 350.7, kwa hiyo iweke kwenye wastani wao, 304. Ile ya 90.3 iweke kwenye 396. Hapo unaona kwamba kilele kiko mahali fulani kati ya 304 na 396, na 332.5 imo. Ukizichora nyongeza kwenye namba za mwisho wa kila kipindi, parabola yako yote itasogea kulia na utadhani kilele kimepita nusu.

Jambo la pili ni kwamba kutoa kunakuza makosa ya vipimo. Hata kwa Carlson, nyongeza ya saa ya 13 ni 34.6, karibu sawa na ile ya saa ya 12, kisha inaanguka ghafla hadi 11.4. Mkunjo laini haufanyi hivyo, na sababu iliyo karibu zaidi ni kupotoka kidogo kwa kipimo kimoja. Usiamini kilele kilichosimama juu ya nyongeza moja tu. Angalia kama majirani zake wanapanda na kushuka kwa utaratibu.

Kilele kinafika baada ya muda gani?

Suluhisho la mlinganyo ni:

N(t) = K / (1 + Ae^(−rt)), ambapo A = (K − N₀)/N₀

N₀ ni idadi ya kuanzia. N inakuwa K/2 pale Ae^(−rt) inapokuwa 1, yaani t = ln(A)/r. Kwa hamira A ni 655.4 ÷ 9.6, karibu 68.3, na logi yake ni 4.22. Gawa kwa 0.54, unapata saa 7.8 tangu kuanza. Ukirudi kwenye jedwali na kuuliza 332.5 ilivukwa lini kati ya 257.3 na 350.7, jibu ni hapohapo, kama dakika 48 baada ya kipimo cha saa ya 7.

Na kama idadi inaanza ikiwa tayari imezidi nusu?

Basi hakuna kilele cha kusubiri. Kasi kubwa zaidi ni ile ya mwanzo kabisa, na kuanzia hapo inapungua tu. Fomula itakuambia hivyo yenyewe: A inakuwa chini ya 1, logi yake inakuwa hasi, na wakati wa kilele unakuwa kabla ya kuanza.

Naweza kuitumia nusu kutabiri K mapema?

Kihesabu inavutia: subiri kasi ianze kushuka, soma idadi ya wakati huo, zidisha kwa mbili. Raymond Pearl na Lowell Reed walikaribia kufanya hivyo kwa watu wa Marekani mwaka 1920. Waliupitisha mkunjo wa lojistiki kwenye sensa za tangu 1790 hadi 1910, na hesabu ikawapa K ya takriban milioni 197, na nusu yake ikiwa imevukwa mwaka 1914. Mkunjo ulilala vizuri sana juu ya sensa zilizopita. Hata hivyo, Marekani ilivuka watu milioni 200 mwaka 1967 na ikaendelea kupanda.

Tatizo ni kwamba kabla ya nusu, mikunjo yenye K tofauti sana inafanana karibu kabisa, kwa sababu N/K bado ni ndogo na haijaonyesha nguvu zake. Data ya Pearl na Reed iliishia 1910, kabla ya hiyo nusu waliyoikadiria wenyewe. Wangelazimika kuiona kasi ikishuka kwa miaka mingi ndipo namba ya K iwe na uzito. Na K ya watu hubadilika kwa kilimo, tiba na uhamiaji, mambo ambayo hayamo kwenye mlinganyo.

Nyumbu wa Serengeti wanafuata kanuni hii?

Mara nyingi hutajwa kama mfano, na umbo la S kwa kweli linaonekana. Ugonjwa wa sotoka ulikuwa umewapunguza tangu mwishoni mwa karne ya 19. Chanjo ya ng'ombe waliozunguka mbuga ilipokata mnyororo wa maambukizi, sotoka ilitoweka kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na idadi ikaanza kupanda. Hesabu za kutoka angani zilitoa takriban 260,000 mwaka 1961, 690,000 mwaka 1971, 770,000 mwaka 1972, na 1,400,000 mwaka 1977. Baada ya hapo idadi ilizungukazunguka milioni 1.2 na 1.3 kwa miaka mingi.

Chukua K kuwa milioni 1.3. Nusu ni 650,000, kwa hiyo kasi ingepaswa kufika kilele karibu na mwaka 1971 na kuanza kushuka. Sasa toa. Kati ya 1961 na 1971 waliongezeka wastani wa 43,000 kwa mwaka. Kati ya 1972 na 1977 waliongezeka wastani wa zaidi ya 120,000 kwa mwaka. Kasi kubwa kuliko zote imetokea wakati idadi imeshapita nusu, na imepita kwa mbali.

Kabla ya kuulaumu mlinganyo, angalia ile kasi ya pili. Kwa mwaka, ongezeko la miaka kumi ya mwanzo ni takriban asilimia 10. La miaka mitano ya baadaye ni karibu asilimia 13. Kama K ingekuwa milioni 1.3 muda wote, asilimia hiyo ingepaswa kushuka hadi chini ya theluthi moja ya ilivyokuwa, kwa sababu mabano 1 − N/K yangekuwa yametoka kwenye 0.65 hadi karibu 0.2. Haikushuka. Hesabu za angani zina makosa yake, lakini si makosa ya kiasi hicho.

Kilichotokea kinajulikana. Miaka ya mwanzo ya 1970 mvua za kiangazi ziliongezeka, na majani ya kiangazi ndiyo yanayoamua nyumbu wangapi watavuka msimu. K ilihama wakati idadi inaifuata. Upande wa pili, ukame wa mwaka 1993 uliwashusha chini ya milioni moja. Kipimo cha kutumia popote ni hiki: asilimia ya ukuaji ikikataa kushuka wakati idadi inapanda, kuna kitu nje ya mlinganyo kimebadilika, na nusu ya K yako haina maana mpaka ukijue.

Je, nusu ni sheria ya viumbe wote?

Hapana. Nusu imetokana na dhana moja tu: kwamba kasi kwa kila kiumbe inashuka kwa mstari ulionyooka. Ukiubadilisha mstari huo, kilele kinahama. Wanyama wakubwa, kwa mfano, mara nyingi hawasikii msongamano mpaka wakaribie K, ndipo vifo vya ndama vinapopanda. Tuliwakilishe hilo kwa kuweka mraba ndani ya mabano:

G = rN(1 − (N/K)²) = rN − rN³/K²

Tofautisha: dG/dN = r − 3rN²/K². Iweke sawa na sifuri na utapata N = K/√3, yaani takriban asilimia 58 ya K. Kilele kimesogea juu ya nusu. Kinyume chake, kama msongamano unauma mapema, kilele kinashuka chini ya nusu. Katika ukuaji wa Gompertz, ambako kasi kwa kila kiumbe inashuka kwa kufuata logi ya N badala ya mstari ulionyooka, kiko K/e, karibu asilimia 37. Kwa hiyo ukikuta kilele mahali pengine kwenye data safi, umejifunza kitu kuhusu jinsi kiumbe hicho kinavyoshindana, na inafaa kuchora kasi kwa kila kiumbe dhidi ya N uone mstari umepindia wapi.

Wavuvi hushauriwa waache samaki nusu ya K. Ni salama kuvua rK/4 kila mwaka?

Hoja ya ushauri huo iko wazi: kama kilele cha ongezeko kiko nusu, basi hapo ndipo unaweza kutoa samaki wengi zaidi kila mwaka bila akiba kupungua. Kwenye karatasi ni kweli. Hatari iko kwenye kuigeuza rK/4 kuwa kiwango kisichobadilika, na ule mraba tuliokamilisha unaionyesha hatari hiyo kwa mstari mmoja. Toa mavuno ya rK/4 kwenye ukuaji:

dN/dt = rK/4 − (r/K)(N − K/2)² − rK/4 = −(r/K)(N − K/2)²

Upande wa kulia hauwezi kuwa chanya kamwe. Samaki wakiwa zaidi ya nusu wanashuka kuelekea nusu, na hilo halina ubaya. Wakiwa pungufu ya nusu, hata kwa kidogo, wanashuka kuelekea sifuri, na hakuna kinachowarudisha.

Chukua namba za mfano: ziwa dogo lenye K ya sato 10,000 na r ya 0.8 kwa mwaka. Kilele cha ongezeko ni 2,000 kwa mwaka, na kila mwaka wanavuliwa 2,000. Mwaka mmoja maji yanapungua na sato wanabaki 4,000. Ongezeko lao sasa ni 0.8 × 4,000 × 0.6 = 1,920. Pengo ni 80 tu, na kwenye nyavu halionekani. Lakini wakishuka hadi 3,000 ongezeko ni 1,680 na pengo ni 320 kwa mwaka. Wakifika 2,000 ongezeko ni 1,280 na pengo ni 720. Kila mwaka pengo linapanuka, na wavuvi wanaendelea kupata 2,000 zao kwa kutoka usiku mrefu zaidi, mpaka mwaka wasipopata.

Dawa ni kuvua sehemu ya waliopo badala ya idadi maalumu. Ukivua asilimia 40 ya waliopo kila mwaka, yaani nusu ya r, akiba bado inatulia kwenye 5,000 na mavuno bado ni 2,000. Sato wakishuka hadi 4,000, mavuno yanashuka hadi 1,600 huku ongezeko likiwa 1,920, kwa hiyo wanapanda wenyewe kurudi 5,000. Ili hilo liwezekane ni lazima samaki wahesabiwe kabla ya kugawa kiwango cha mwaka, na kiwango kifuate hesabu hiyo hata ikiwa ndogo kuliko ya mwaka jana.